Gawio la vijana: mbona Moshi halijafika?

*Shikamoo mwalimu. Nina duka la vifaa vya umeme hapa Moshi. Juzi kwenye mahafali ya chuo mgeni rasmi alisema wingi wa vijana ni utajiri, na kwamba uchumi utapaa wenyewe. Mimi kila wiki nawarudisha vijana wenye vyeti wanaokuja kuomba kazi. Huo utajiri uko wapi? Na sisi wa huku Kilimanjaro ambao siku hizi hatuzai kama wazee wetu, mbona hatuoni tofauti?*

Marahaba. Nadhani wewe ni mwanachama wa SACCOS, kama wafanyabiashara wengi wa Moshi, kwa hiyo nianzie huko. Mwisho wa mwaka mnapogawiwa gawio, hamgawiwi kwa sababu wanachama ni wengi. Mnagawiwa kwa sababu mwaka huo kilichoingia kilizidi kilichotoka. Wanachama wakiongezeka bila ziada kuongezeka, mnachogawana ni lawama. Wachumi walipotafuta jina la faida ambayo nchi huipata umri wa watu wake unapobadilika, waliazima neno hilo hilo: gawio. Mgeni rasmi wako aliwahesabu wanachama, akasahau kuuliza ziada.

Ziada yenyewe hutoka wapi? Hutoka pale wanaolishwa wanapopungua kwa kila mmoja anayezalisha. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta watu 61,741,120. Katika kila 100, karibu 43 ni watoto wa chini ya miaka 15, kama 53 wana umri wa kufanya kazi, yaani miaka 15 hadi 64, na waliobaki ni wazee. Watu 53 wanawabeba 47. Tunapojisifu kuwa taifa la vijana, tunachosema hasa ni kwamba tuna watoto wengi sana, na mtoto wa miaka saba hajawa utajiri wa mtu. Kwa sasa ni ada ya tuisheni, sare na sahani ya wali.

Tuingie ndani ya nyumba mbili za Moshi tulizozibuni, kwa sababu hesabu ya nchi ni ya nyumba hizo zikizidishwa mara milioni. Nyumba ya kwanza baba ni seremala, mama anauza ndizi na mboga Mbuyuni, kila mmoja anaingiza shilingi 300,000 kwa mwezi, na watoto ni sita. Laki sita kwa watu wanane ni 75,000 kwa kichwa. Nyumba ya pili kipato ni kile kile, lakini watoto ni watatu. Laki sita kwa watu watano ni 120,000. Hakuna aliyeongezewa mshahara wala aliyegundua mashine mpya, lakini kila mtu katika nyumba ya pili ana asilimia 60 zaidi ya mwenzake wa nyumba ya kwanza. Hilo ndilo gawio katika umbo lake la kwanza kabisa.

Sasa mwondoe yule mama sokoni. Tuseme mtaji umekata na hakuna wa kumpa kazi. Nyumba ya watoto watatu inabaki na 300,000 kwa watu watano, yaani 60,000 kwa kichwa, chini ya ile ya watoto sita. Kwa hiyo kupungua kwa watoto kunafungua mlango tu. Kinachoingiza fedha ni kazi ya wale ambao mikono yao imeachwa huru, na hasa akina mama, maana wao ndio huachiwa muda mwingi zaidi watoto wanapopungua.

Kwa nchi nzima hesabu hiyo huandikwa kwa mstari mmoja:

pato kwa kila mtu = (pato kwa kila mfanyakazi) × (wanaofanya kazi ÷ wenye umri wa kazi) × (wenye umri wa kazi ÷ watu wote)

Nakuomba uushike mstari huu, maana maswali yako yote mawili yamo humo. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kipande cha tatu, kile cha umri, kikipanda huku kimoja kati ya viwili vya kwanza kikishuka kwa kiasi kile kile, hujapata kitu.

Kipande cha umri peke yake kina uzito gani? Korea Kusini mwaka 1965 ilikuwa na watu kama 54 wenye umri wa kazi katika kila 100, karibu sawa na sisi leo. Kufikia 1990 walikuwa kama 69. Ukiigawa safari hiyo kwa miaka 25, umri peke yake uliongeza takriban asilimia 1 kila mwaka kwenye pato la kila mtu. Sisi tukitoka 53 na kufika 65 kwa miaka 40, tutapata kama nusu ya asilimia kwa mwaka. Si haba, lakini hakuna uchumi unaopaa kwa nusu asilimia. Korea pato lilikua kwa kasi mara kadhaa ya hiyo asilimia 1, kwa sababu mzazi mwenye watoto wawili aliwasomesha zaidi na akabakiwa na akiba, na akiba hiyo ikaenda viwandani ambako wale waliosoma walipata kazi. Wachumi waliolichunguza jambo hilo, akina David Bloom na Jeffrey Williamson, walikadiria kwamba mabadiliko ya umri yalichangia hadi kama theluthi moja ya ukuaji wa Asia Mashariki katika miaka hiyo. Theluthi mbili zilizobaki zilitafutwa kwa jasho jingine.

Sasa, kwa nini Tanzania bado iko kwenye 53? Hapa naomba nikupandishe Kibosho, kwa bibi yangu mzaa baba. Alizaa tisa, akazika watatu. Hakuwahi kuniambia kwamba alipenda kuzaa tisa. Aliniambia, "Ulikuwa huwezi kujua nani atabaki." Mzazi hapunguzi kuzaa kwa kuambiwa na redio. Hupunguza akishaona kwa macho yake kwamba wanaozaliwa wanakaa, na kuona huko huchukua muda. Kwa hiyo kila nchi hupita kipindi cha katikati ambapo vifo vya watoto vimeshuka, uzazi bado uko juu, na nyumba zinajaa. Sisi tupo hapo. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2004/05 ulionyesha kwamba watoto 112 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Hayo ni mafanikio makubwa ya chanjo, vyandarua na zahanati. Lakini katika miaka hiyo hiyo wastani wa watoto kwa mwanamke mmoja ulitoka 5.7 hadi 4.8 tu. Vifo vimepungua kwa zaidi ya nusu, uzazi kwa chini ya theluthi. Matokeo yake ni hayo madarasa unayoyaona, mtoto wa tatu kwenye dawati la wawili.

Na hata uzazi ukishuka kesho asubuhi, wale waliokwisha kuzaliwa watakua na kuanzisha nyumba zao, kwa hiyo idadi itaendelea kupanda kwa miongo kadhaa. Hilo halina dawa ya haraka. Linaloweza kusogezwa ni umri wa kuanza kuzaa. Mwaka 2022, wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata ujauzito. Msichana anayeanza akiwa na miaka 17 badala ya 24 hajaongeza mtoto mmoja tu. Amesogeza kizazi kizima mbele kwa miaka saba, na mara nyingi ameacha shule njiani.

Tuje kwa vijana wako wenye vyeti. Takwimu za ajira zitakuambia kwamba Watanzania wasio na kazi kabisa si wengi, na wewe utacheka. Zote mbili ni kweli, kwa sababu kijana wa Moshi hawezi kukaa bure. Hana wa kumlisha. Atafanya chochote. Kipande cha pili cha mstari wetu kinaonekana kizuri, kumbe tatizo limehamia kipande cha kwanza, pato kwa kila mfanyakazi.

Simama kijiwe cha bodaboda Kiborloni uone linavyokuwa. Tuseme kijiwe kina vijana kumi, na abiria wa eneo lile wanatosha safari 120 kwa siku, shilingi 1,500 kila moja. Kila kijana anapata safari 12, yaani 18,000. Anampa tajiri hesabu ya 8,000, anaweka mafuta ya 4,000, anabaki na 6,000. Mwezi unaofuata wanaongezeka vijana watano, mmoja wao ana cheti cha umeme alichokileta kwako ukamrudisha. Abiria hawajaongezeka. Sasa kila mmoja ana safari nane, 12,000. Hesabu ya tajiri haipungui hata senti, mafuta yanashuka kidogo, tuseme 3,000. Kijana anarudi nyumbani na 1,000. Kijiwe chote bado kimesafirisha watu 120. Kwenye takwimu ajira tano zimezaliwa, lakini Kiborloni haijapata hata safari moja ya ziada.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kazi fulani inaleta gawio au inagawana umaskini, uliza swali moja: akiongezeka mtu wa kuifanya, je, kinachozalishwa kinaongezeka? Kwenye bodaboda, umachinga na vibanda vya kutoa na kuweka fedha, jibu mara nyingi ni hapana, kwa sababu mteja ni yule yule wa mtaani. Kwenye kiwanda kinachouza nje ya mkoa, au nje ya nchi, jibu ni ndiyo, maana mnunuzi wake hazuiliwi na mfuko wa mtu wa Majengo. Huku Arusha ninakoishi, kiwanda cha A to Z kule Kisongo kinashona vyandarua vinavyotumika mbali na hapa, na kimeajiri maelfu, wengi wao wanawake. Ukiongeza zamu ya usiku pale, vyandarua vinaongezeka kweli.

Mfano ninaoupenda kuliko Korea ni Mauritius, kisiwa cha Bahari hii hii ya Hindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanamke wa kule alizaa karibu watoto sita, malaria ilikuwa imedhibitiwa, watoto hawafi tena kama zamani, na zao lilikuwa moja tu, miwa. Mchumi Mwingereza James Meade, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, aliandika mwaka 1961 kwamba hali yao ya mbele ni ngumu sana. Hakuwa mjinga, aliisoma hesabu kama ilivyokuwa siku ile. Lakini mambo mawili yalikwenda pamoja. Uzazi wa mpango ulienea, na hata Kanisa Katoliki, badala ya kupinga tu, liliendesha huduma za njia za asili. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 uzazi ulikuwa umeshuka hadi takriban watoto watatu. Na mwaka 1970 walipitisha sheria ya viwanda vya kuuza nje, wakaanza kushona nguo na masweta. Walioshona walikuwa wanawake, wale wale ambao mama zao wangekuwa nyumbani na mtoto wa tano mgongoni.

Watu wakiisimulia hiyo, huiruka sehemu moja. Faida haikuja haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya miaka kumi baada ya sheria, ukosefu wa ajira kisiwani ulikuwa bado mkubwa sana. Ni nusu ya pili ya muongo huo ndipo viwanda vilipojaa hadi vikaanza kutafuta wafanyakazi. Kama wangekata tamaa mwaka 1981, leo tungekuwa tunaitaja Mauritius kama mfano wa nchi ambayo uzazi ulishuka na gawio likapita dirishani. Wapo wa aina hiyo. Tunisia ilipunguza uzazi na kusomesha vijana vizuri kuliko karibu nchi zote za Afrika, na mwishoni mwa mwaka 2010 waliojaa barabarani wengi walikuwa hao vijana waliosoma wasio na kazi.

Sasa sisi wa Kilimanjaro. Uliuliza kwa nini hatuoni tofauti ilhali hatuzai kama zamani, na ni swali zuri kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Ni kweli mkoa wetu ni miongoni mwa yenye uzazi mdogo kabisa nchini. Shule za misheni zilitangulia huku, lakini mimi naamini kihamba, yaani shamba la ukoo, kilifundisha zaidi ya darasa. Babu yangu alikuwa na ekari tatu za migomba na kahawa. Aliwagawia wanawe wanne. Baba yangu alipata pungufu ya ekari moja, na sisi tuko watatu. Ukifika mahali ambapo kaka yako akiongeza chumba anachungulia dirishani kwako, huhitaji semina.

Basi tungepaswa kuwa wa kwanza kugawiwa gawio. Angalia sensa: kati ya 2012 na 2022 Kilimanjaro ilitoka watu 1,640,087 hadi 1,861,934, ongezeko la kama asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa 3.2 na jirani yetu Arusha kwa 3.3. Sehemu ya tofauti hiyo ni uzazi mdogo. Sehemu nyingine ni basi la alfajiri. Tunazaa wachache, tunawasomesha kwa kuuza hadi ng'ombe wa mwisho, na wakifika miaka 20 wanakwenda Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Kipande cha umri kinapanda huko walikohamia. Huku migombani wanabaki wajukuu walioletwa kulelewa, na babu na bibi. Ndiyo maana mkoa wetu uko mbele pia kwa uwiano wa wazee.

Mtu atasema fedha zinarudi. Zinarudi, tena nyingi, na hapa naomba usinichukie kwa sababu wewe ni mfanyabiashara na fedha hizo ndizo zinazokuja dukani kwako. Zinarudi Desemba. Zinajenga nyumba nzuri za vigae ndani ya kihamba, zenye taa za urembo getini, ambazo kuanzia wiki ya pili ya Januari hulala zimefungwa hadi Krismasi nyingine. Sidharau. Kwetu mtu asiye na nyumba kwao hana pa kuzikwa, na mimi mwenyewe ninayo moja ya hizo. Ila nyumba hiyo ikishaisha, haimwajiri mtu zaidi ya mlinzi. Akiba iliyotokana na kuzaa wachache imegeuka tofali. Korea na Mauritius akiba yao iligeuka cherehani na mota. Mauritius hasa, faida ya wenye mashamba ya miwa ndiyo iliyowekwa kwenye viwanda vya nguo.

Kwa hiyo gawio letu halijapotea kwa taifa. Kijana wa Marangu anayefanya kazi bandarini Dar es Salaam anaihesabia nchi. Limepotea kwa Moshi, na litaendelea kupotea mpaka pawepo kazi hapa inayomzuia asipande basi. Kuwakataza kuondoka hakusaidii. Wakibaki bila viwanda, wanakwenda Kiborloni kugawana zile safari 120.

Wewe una kipimo ambacho mimi nikiwa Arusha na takwimu zangu sina, nacho ni daftari lako la mauzo. Lifungue uangalie miezi kumi na miwili iliyopita. Ukikuta mauzo yanapanda Novemba na Desemba, na kilichotoka ni swichi, soketi, holda na taa za getini, basi bado unauzia nyumba. Siku utakapoona kontakta, mota na waya wa fezi tatu vinatoka mwezi Machi, na anayevinunua anarudi Juni kuchukua vingine, hapo kuna mtu mjini anafunga mashine. Mfuate umuulize anahitaji mafundi wangapi, na uwe na namba za simu za wale vijana uliowarudisha.